Kisu Kisichojua Kiungo

Siku hizi warsha ya teknolojia ya lugha haiishi kabla msemaji mmoja hajasimama na kututangazia kwamba tatizo la maneno adimu lilikwisha zamani. Husema kwa upole, kama anayewahurumia waliochelewa habari. Kiswahili, Kishambaa, Kizulu, lugha yoyote inayojenga neno refu kwa viambishi, zote zimeshapata dawa moja: usimbaji wa jozi za baiti, ambao mafundi huuita BPE. Ukiuliza kama dawa hiyo imewahi kupimwa kwa kitenzi cha mkulima wa Mlalo au jina la kitongoji cha Bumbuli, huku Usambara, unaambiwa haina haja. Mbinu haitegemei lugha.

Kauli hii imeenea mno, na kwa maoni yangu ni potofu. Lakini kwanza niieleze kama wanavyoieleza wenyewe.

Mashine za tafsiri za awali zilibeba orodha ya maneno kamili, tuseme elfu thelathini au hamsini. Neno lililokosekana kwenye orodha lilifutwa na kuwekewa alama moja, `<unk>`, yaani "silijui". Mwaka 2016 Rico Sennrich, Barry Haddow na Alexandra Birch wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha njia ya kuikwepa aibu hiyo. Waliazima hila ya Philip Gage ya mwaka 1994, iliyotungwa kwa ajili ya kupunguza ukubwa wa mafaili. Unaanza na herufi moja moja, unahesabu ni herufi zipi mbili hukaa pamoja mara nyingi zaidi, unaziunganisha ziwe kipande kimoja, kisha unahesabu upya. Unarudia hadi orodha ya vipande ifike ukubwa unaoutaka. Neno la kila siku hubaki zima, na neno adimu hukatwa vipande ambavyo tayari vimo kwenye orodha. Mwaka 2019 modeli ya GPT-2 ilishuka hadi kwenye baiti zenyewe: orodha yake ina vitu 50,257, yaani baiti 256, miunganisho 50,000 na alama moja ya mwisho wa matini. Kwa mpango huo hakuna maandishi duniani yasiyoweza kuandikwa.

Hoja inayojengwa juu ya hapo ni hii. Neno lisilojulikana halipo tena. Takwimu zitagundua viambishi na mizizi zenyewe, bila mwanaisimu. Mbinu haipendelei lugha yoyote. Na pakitokea kasoro ndogo, data zaidi na orodha kubwa zaidi vitaiziba, au modeli yenyewe itajifunza kuiziba. Nadhani sijawadhulumu. Sasa tuzichukue hoja moja baada ya nyingine.

Kwanza: "Neno lisilojulikana halipo tena"

Kuweza kuliandika neno si kulijua. Hilo lingepaswa kuwa dhahiri kwa yeyote aliyewahi kunakili hati ya daktari.

Chukua majina ya Usambara. Koo nyingi za huku hubeba jina linaloanza na She-: Shekilango, Shelukindo, Shemdoe. Aliyepita Sinza, Dar es Salaam, ameiona Barabara ya Shekilango. Kwa Msambaa silabi hiyo ya kwanza inasema jambo: huyu ni wa kwetu, na ni jina la ukoo. Kwa orodha iliyotengenezwa hasa kwa Kiingereza, `She` ni kipande kilichokutwa mamilioni ya mara kikiwa na kazi nyingine kabisa, kiwakilishi cha mwanamke. Jina la mzee wa Bumbuli likifika hapo linaandikika bila shida yoyote, ila linaingia likiwa limevaa nguo za mtu mwingine.

Au chukua Shambaai, jina ambalo Wasambaa wenyewe huiitia nchi yao. Orodha yenye Kiswahili cha kutosha itaelekea kuwa na kipande `shamba`, maana neno hilo limejaa kwenye magazeti. Ufalme mzima wa Wakilindi, pamoja na makao yake ya Vugha, unageuka kuwa kilimo chenye mkia wa herufi mbili. Nao walioandika habari za ufalme huo hawakuandika kwa namna moja: utakuta makao hayo yakiitwa Vuga au Vugha, na mwanzilishi wake Mbega au Mbegha. Msomaji anajua kwamba ni mahali pamoja na mtu yuleyule. Kihesabio cha jozi hakijui, na hakitakuambia kwamba hakijui.

Hapo ndipo gharama ilipofichwa. `<unk>` ilikuwa aibu, lakini ilikuwa aibu ya wazi. Fundi aliweza kuzihesabu alama hizo kwenye matini ya Lushoto na kusema, modeli hii haijui asilimia fulani ya maneno yetu. BPE imeziondoa alama, ujinga umebaki palepale, na kipimo sasa kinasoma sifuri. Watu wanasherehekea sifuri hiyo.

Pili: "Takwimu hugundua mofimu zenyewe"

Hii ndiyo hoja inayorudiwa zaidi, nayo inaweza kupimwa kwa karatasi na kalamu. Tuseme matini yetu ina maneno manne tu, kila moja na idadi ya mara lilipoonekana:

```
mwalimu   9
walimu    6
analima   5
wanalima  4
```

Tuhesabu jozi. Jozi `a l`, `l i` na `i m` zimo katika maneno yote manne, hivyo kila moja ina 9+6+5+4, yaani 24. Inayofuata ni `w a` yenye 19. Jozi zikifungana tunachukua iliyotangulia kuonekana, kwa hiyo muunganisho wa kwanza ni `al`, wa pili `ali`, wa tatu `alim`. Hapo `w alim` na `alim u` zinafungana kwa 15. Tunapata `walim`, halafu `walimu`. Miunganisho mitano, na tusimame hapo.

Sasa tulete maneno manne ambayo matini haikuwa nayo, tuyakate kwa miunganisho ileile kwa mpangilio uleule:

```
tunalima  ->  t u n alim a
hawalimi  ->  h a walim i
alimpa    ->  alim p a
hulimwa   ->  h u l i m w a
```

Tazama kilichotokea. Tunalima ni tu-na-lim-a. Kisu kimepita katikati ya kiambishi cha wakati, kikaiacha `n` peke yake na kuigandisha `a` kwenye mzizi. Hawalimi, watu wasiolima, wamepewa kipande cha walimu. Alimpa, ambayo ni a-li-m-pa na haina uhusiano wowote na jembe, imepata kipande kilekile cha mkulima. Na hulimwa, ambayo ni kilimo kitupu, imevunjwa herufi moja moja na haishirikiani na analima hata kipande kimoja cha mzizi. Neno lisilo la ukoo limeingizwa ndani na ndugu wa damu ametolewa nje. Mchinjaji asiyejua viungo hukata pale kisu kinapoteleza. Nyama yote itatoka, hilo halina ubishi, lakini usimwambie mtu kwamba huyo amegundua maungo ya mbuzi.

Nitaambiwa kwamba matini ya maneno manne ni mchezo wa kuigiza, na kwamba nimeyachagua maneno yanayonifaa. Nimeyachagua, naam. Lakini matini kubwa nayo huchaguliwa, na aliyeichagua ni gazeti. Kiswahili kilichopo kwa wingi kwenye mitandao ni habari za siasa, dini na mpira, na humo Mwalimu hutajwa asubuhi na jioni, wakati kupalilia viazi kwenye matuta ya Lukozi hakutajwi. Ni kweli kwamba matini ikikua, vipande kama `ana`, `wana` na `ali` hujitokeza, na wapo wanaovionyesha kwenye ukuta wa ukumbi kama ushahidi. Hujitokeza kwa sababu hukutana mara nyingi. Vingine visivyo viambishi hujitokeza kwa sababu hiyohiyo. Mbinu haina namna ya kutofautisha.

Ukitaka kuona kwa nini haina, tazama neno moja la kawaida kabisa kwenye kesi ya ardhi: lililolimwa. Shamba lililolimwa. Herufi `li` zimo mara tatu. Ya kwanza ni upatanisho wa ngeli, ikirejelea shamba. Ya pili ni wakati uliopita. Ya tatu si kiambishi hata kidogo, ni sehemu ya mzizi -lim-. Kazi tatu, sura moja. Kinachohesabu ni mara ngapi `l` hukaa kando ya `i` kinaona kitu kimoja kilichojirudia mara tatu, na kitaunganisha kwa kufuata wingi. Mtoto wa shule ya msingi wa Soni anazitofautisha bila kufundishwa, kwa kuwa anajua neno limejengwa kutoka wapi kwenda wapi.

Tukumbuke pia ukubwa wa kinachodaiwa kugunduliwa. Kiswahili kina viambishi vya mtenda kama kumi na tano kwa sura, ukijumlisha nafsi na ngeli. Chukua njeo nne tu: na, li, ta, me. Weka mtendwa, au uache bila mtendwa, upate nafasi kumi na sita. Umeshafika maumbo 960 ya kitenzi kimoja. Zidisha kwa mashina sita, lima, limia, limwa, limisha, limishwa, limika, unapata 5,760. Ondoa yasiyo na maana, ondoa hata nusu, bado umebakiwa na zaidi ya elfu mbili kabla hujagusa kanushi na virejeshi. Mengi ya maumbo hayo hayatatokea hata mara moja katika matini yoyote utakayoikusanya. Kwa hiyo katika lugha yetu neno adimu si neno geni la kitaalamu. Ni kitenzi cha kawaida kilichovaa viambishi ambavyo hakuna aliyewahi kuviandika kwa mpangilio huo, na kila msemaji hukielewa papo hapo.

Wala hili si wivu wa mwanaisimu aliyenyang'anywa kazi. Mwaka 2020 Kaj Bostrom na Greg Durrett walilinganisha BPE na mbinu nyingine ya takwimu, inayoanza na orodha kubwa ya vipande na kuipogoa badala ya kuunganisha kwa pupa. Lugha walizopima zilikuwa Kiingereza na Kijapani. Hata huko, BPE ndiyo iliyokata mbali zaidi na mipaka ya mofimu. Kama kisu kinateleza kwenye Kiingereza, lugha yenye viambishi vichache, basi anayekiamini kwenye lililolimwa atuonyeshe sababu.

Tatu: "Mbinu haipendelei lugha yoyote"

Kabla ya kuhesabu jozi hata moja, mafundi huigawa matini mahali penye nafasi. Jozi haiunganishwi kuvuka nafasi. Ni hatua ndogo isiyotajwa warshani, na humo ndimo upendeleo ulimokaa.

Kizulu husema ngiyakuthanda, Kiswahili ninakupenda. Kitswana husema ke a go rata. Ni sentensi moja, kwa lugha za ukoo mmoja, zenye sehemu zilezile kwa mpangilio uleule: mimi, wakati, wewe, penda. Tofauti ni kwamba walioweka tahajia ya Kitswana, wamisionari na waliowafuata, waliamua kuacha nafasi kati ya viambishi, na walioweka ya Kizulu na Kiswahili waliamua kuviunganisha. Kwa BPE uamuzi huo ni kila kitu. Mtswana anapewa mipaka mitatu ya mofimu bure, na hakuna jozi itakayoruhusiwa kuivuka. Mzulu na Mswahili wanatupiwa furushi zima na kuambiwa takwimu zitawapangia. Mbinu isiyotegemea lugha inategemea, basi, kidole cha mmisionari wa karne ya kumi na tisa.

Upendeleo wa pili umo kwenye orodha ya pamoja. Modeli nyingi za leo hazitengenezi orodha ya Kiswahili. Zinatengeneza orodha moja kwa lugha mia, na nafasi kwenye orodha hugombewa kwa wingi. Katika data ya XLM-R, modeli ya lugha mia moja iliyotumia mbinu jamaa ya BPE, Kiingereza kilikuwa na gigabaiti zipatazo 300 na Kiswahili 1.6. Watengenezaji hupunguza kwa makusudi sauti ya mkubwa ili mdogo naye asikike, na wanastahili kutambuliwa kwa hilo, lakini hata baada ya kupunguza, mgao haugeuki kuwa sawa. Kishambaa hakimo kwenye foleni kabisa. Kikifika kwenye modeli kitakatwa kwa vipande vya jirani, Kiswahili akipenda Mungu, Kiingereza mara nyingi.

Na vipande hulipiwa. Huduma za modeli za lugha hutoza kwa kipande, na urefu wa matini inayoweza kusomwa kwa mara moja hupimwa kwa vipande. Aleksandar Petrov na wenzake wa Oxford walionyesha mwaka 2023 kwamba matini ileile ikitafsiriwa kwa lugha tofauti inaweza kutofautiana hadi mara 15 kwa idadi ya vipande. Kiswahili hakiko mkiani, kwa kuwa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini. Lakini ushirika wa wakulima unaotuma barua ileile kwa Kiswahili badala ya Kiingereza hulipa zaidi, barua yake hujaza nafasi upesi zaidi, na hakuna mahali kwenye ankara palipoandikwa "ushuru wa viambishi".

Nne: "Ongeza data, ongeza orodha"

Hapa watetezi hujipinga wenyewe, nami nitawaacha wafanye hivyo.

Ukiwa na orodha ndogo, kitenzi adimu huvunjwa herufi moja moja, kama hulimwa hapo juu. Ukiipanua orodha, kanuni ileile ya wingi inaanza kugandisha maumbo mazima yanayopendwa na magazeti: alisema, amesema, wanasema. Kila moja sasa ni kipande kimoja chenye namba yake, na namba hizo hazina uhusiano wowote. Mzizi -sem- ulikuwa umesagwa, sasa umemezwa. Katika hali zote mbili haupo mahali unapoweza kushirikishwa, na ushirikishaji huo ndio ulioahidiwa tangu mwanzo. Ukubwa wa orodha husogeza tu mstari kati ya waliosagwa na waliomezwa.

Isitoshe, kila kipande kinachoongezwa kinadai safu yake ya namba ndani ya modeli, na safu hiyo hufundishwa tu pale kipande kinapoonekana. Kipande kilichoonekana mara chache hubaki karibu na namba za bahati nasibu zilizowekwa siku ya kwanza. Mwaka 2023 ulimwengu ulicheka pale ilipogunduliwa kwamba `SolidGoldMagikarp`, jina la mtumiaji mmoja wa mtandao wa Reddit, lilikuwa kipande kamili kwenye orodha ya GPT-2 na GPT-3, na modeli zilipoambiwa zilitamke zilibabaika na kujibu mambo ya ajabu. Jina lilikuwa na wingi wa kutosha wakati wa kutengeneza orodha, lakini kwenye data ya kufundishia halikuonekana vya kutosha. Kiingereza kinaweza kumudu kichekesho cha namna hiyo. Lugha yenye data kidogo inaweza kujaa vipande vya namna hiyo, na hakuna atakayecheka kwa sababu hakuna atakayeviona.

Kuhusu data yenyewe: Kishambaa kina sarufi ya Karl Roehl ya mwaka 1911, kamusi ya LangHeinrich ya 1921, kazi za Ruth Besha, maandiko ya dini na mengine machache. Anayesema "ongeza data" awataje waandishi watakaoiandika, na nani atawalipa.

Tano: "Modeli itajifunza yenyewe"

Inaweza, pale penye mifano mingi. Modeli kubwa iliyoona alisema na amesema mara laki moja itafahamu kwamba ni ndugu, hata kama namba zao hazifanani. Hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini hapo hoja imeshageuka. Tulianza na mbinu iliyoletwa kwa ajili ya maneno adimu, na sasa tunaambiwa inafanya kazi vizuri kwa maneno yasiyo adimu.

Lushoto ni mji wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanakofundishwa sheria makarani na maofisa wa mahakama. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Fikiria basi mgogoro wa mpaka wa shamba na maelezo manne: shamba lililolimwa, lisilolimwa, halijalimwa, halikulimwa. Mzizi ni mmoja na matokeo ya kesi ni manne. Halijalimwa inaacha mlango wazi kwamba litalimwa. Halikulimwa inaufunga kwa kipindi kinachozungumzwa. Tofauti yote imebebwa na -ja- na -ku-, silabi zilizozama katikati ya neno, mahali ambapo kisu cha wingi hakina sababu yoyote ya kusimama. Modeli ikilikosea neno zima, msomaji atashtuka. Ikiikosa -ja- peke yake, sentensi itasomeka vizuri sana, na itakuwa ya uongo.

Makosa ya namna hii yana dalili. Upatanisho wa ngeli huvunjika neno likiwa refu: "mashamba zimelimwa" badala ya yamelimwa. Kanushi hupotea katika tafsiri bila sentensi kuharibika. Majina ya watu na vitongoji hurudi yakiwa na herufi iliyoongezwa au kupungua. Ukiyaona matatu hayo kwenye matini moja, usianze kulaumu ukubwa wa modeli. Fungua orodha ya vipande kwanza.

Njia iliyokuwapo muda wote

Wanaosema hakuna mbadala wanasahau waliofanya kazi kabla yao. Arvi Hurskainen wa Helsinki alianza kujenga kichanganuzi cha maumbo ya Kiswahili, SWATWOL, tangu miaka ya 1980, kwa kanuni zilizoandikwa na binadamu. Kinakupa tu-na-lim-a na kukuambia kila sehemu ni nini. Mwaka 2022 Antoine Nzeyimana na Andre Niyongabo Rubungo walitoa KinyaBERT, modeli ya Kinyarwanda inayopokea neno likiwa limeshachanganuliwa kwa mofimu, nayo iliwapita washindani wa vipande vya kawaida katika majaribio yao. Kinyarwanda si lugha tajiri kwa data. Kilikuwa na watu waliokubali kuandika kanuni.

Si lazima hata uitupe BPE. Kata vitenzi kwanza kwenye mipaka ya mofimu, weka alama mpakani, kisha uiruhusu BPE ifanye kazi ndani ya mipaka hiyo bila kuivuka, kama ilivyokatazwa kuvuka nafasi ya Kitswana. Mzizi -lim- utabaki mmoja katika tunalima, hulimwa na halijalimwa. Gharama ipo, tusidanganyane. Kichanganuzi ni cha polepole. Hakijui majina wala maneno ya vijana ya mwaka huu. Na mara nyingine neno lina mikato miwili halali: alilia kwenye "jana alilia" ni a-li-li-a, na kwenye "alilia haki" huenda ikawa ni kulilia kwa wakati uliopo, mzizi ukiwa umeongezwa kiambishi cha kutendea. Mtu lazima aamue, au sentensi nzima isomwe. Lakini hizo ni gharama zinazoonekana na zinazoweza kuandikwa kwenye bajeti, tofauti na zile tulizokuwa tukilipa bila risiti.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wanaotoa fedha za miradi ya lugha na kwa wanaoziomba. Kabla ya kutuonyesha alama za majaribio, leteni karatasi moja. Chagueni vitenzi hamsini kutoka kwenye barua, hukumu na matangazo ya vijiji vya Usambara, si kutoka gazetini. Mpeni mzungumzaji aliyesoma sarufi avikate kwa mkono. Kando yake wekeni mikato ya orodha yenu ya vipande, mhesabu ni mipaka mingapi imelingana, na kila mzizi umebaki mzima katika maumbo mangapi kati ya yale yaliyochaguliwa. Kazi hiyo ni ya siku moja na haihitaji kompyuta yenye nguvu. Mradi usioweza kuileta karatasi hiyo usipewe fedha za Kiswahili, sembuse za Kishambaa.